Dhima ya Mwajiri kwa Kosa la Dereva Aliyetumwa Kupeleka Mzigo: Mwongozo kwa Wakazi na Wafanyabiashara wa Sekei

Dereva wa kirikuu anapomgonga mtu akiwa njiani kupeleka mzigo, mara nyingi mali yake haitoshi kumlipa aliyeumia, na ndiyo maana sheria ya madhara inampa mdai haki ya kumfuata mwajiri wa dereva huyo, hata kama mwajiri hakuwepo barabarani na hakufanya uzembe wowote yeye mwenyewe. Haki hiyo huitwa dhima ya mwajiri kwa kosa la mwajiriwa, maana yake ni kwamba mwajiri hubeba deni la fidia linalotokana na uzembe uliofanywa na mtu wake alipokuwa katika kazi yake. Haimwondolei dereva lawama, kwa kuwa dereva na mwajiri hudaiwa kwa pamoja, na mdai anaweza kukusanya fidia yote kwa yeyote kati yao ilimradi asilipwe mara mbili.

Hakuna sheria ya Bunge la Tanzania inayoieleza kanuni hii kwa ukamilifu katika ajali za watu binafsi na kampuni. Msingi wake ni Sheria ya Matumizi ya Sheria na Mahakama, Sura ya 358, ambayo iliingiza nchini kanuni za maamuzi ya mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo ina uzito wa vitendo, kwa sababu maamuzi ya Kiingereza ya kabla yake ni sehemu ya sheria iliyopokewa, ilhali ya baada yake hushawishi tu mahakama zetu bila kuzifunga, na wakili anayeegemea uamuzi wa karibuni wa London anapaswa kuonyesha kwa nini unaifaa Arusha. Juu ya msingi huo yamejengwa maamuzi ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyofikia kikomo mwaka 1977, na ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyoirithi.

Mdai anapaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba dereva alifanya uzembe, kwamba dereva alikuwa mwajiriwa wa mdaiwa, na kwamba uzembe huo ulifanyika katika mwenendo wa kazi aliyopewa. La kwanza husahauliwa mara kwa mara na wadai wanaoamini kwamba kugongwa peke yake kunatosha. Haitoshi, kwa kuwa mwajiri hubeba kosa la dereva, na pale ambapo dereva hakukosa, hakuna cha kubeba. Hati ya madai, yaani waraka unaofungua shauri, inapaswa kutaja uzembe wenyewe kwa undani: kwamba dereva alikwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa katika eneo la makazi, au kwamba alikata kona bila kuonyesha ishara, au kwamba alitembeza gari lenye breki mbovu akijua. Iwapo dereva alishtakiwa kwa kosa la usalama barabarani na kutiwa hatiani, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaifanya hukumu hiyo, baada ya muda wa kukata rufaa kupita, kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo, jambo linalompunguzia mdai kazi kubwa. Kwa sababu hiyo inafaa kufuatilia kesi ya trafiki hadi mwisho na kuchukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, badala ya kuiacha baada ya kusikia kwamba dereva ametozwa faini.

Jambo la tatu, yaani mwenendo wa kazi, ndilo linaloamua mashauri mengi ya usambazaji, na kwa hiyo linastahili mfano unaofuatwa hatua kwa hatua. Mfano huu ni wa kubuni. Tuchukulie kwamba duka la vifaa vya ujenzi lililopo Sekei limemwajiri dereva kwa mshahara wa mwezi, na asubuhi moja linampakilia mifuko 20 ya saruji na maboksi ya vigae aipeleke kwa mteja wa Tengeru, kisha arudishe gari dukani. Njia yake inateremka kutoka Sekei hadi Barabara ya Moshi na kuelekea mashariki. Akimgonga mwendesha bodaboda kabla ya kufika Tengeru kwa sababu alikuwa akiangalia simu, hakuna ubishi wa maana, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi aliyotumwa, ila aliifanya kwa uzembe. Jibu halibadiliki hata ikiwa simu aliyoiangalia ilikuwa ya mambo yake binafsi. Katika shauri la mwaka 1942 lililotoka Ireland ya Kaskazini, dereva wa lori la petroli aliwasha sigara na kutupa kiberiti wakati mafuta yakiteremshwa kwa mteja, moto ukalipuka, na majaji wakaamua kwamba kuwasha sigara kulikuwa kwa raha yake mwenyewe lakini hakuwezi kutenganishwa na kazi aliyokuwa akiifanya kwa wakati huo. Kinachopimwa ni kazi, na kitendo cha uzembe hutazamwa kama namna ya kuifanya kazi hiyo.

Sasa dereva ameshusha mzigo Tengeru, na badala ya kurudi moja kwa moja anasogea mbele kidogo hadi Usa River ili ale chakula cha mchana, kisha anageuza. Ajali ikitokea akiwa njiani kwenda au kurudi kwenye chakula hicho, mwajiri atasema kwamba dereva alitoka nje ya njia, na utetezi huo kwa kawaida hushindwa. Mchepuko mdogo, unaotarajiwa kwa mtu aliye kazini mchana kutwa, hauikati kazi. Mwaka 1868, katika shauri la Whatman dhidi ya Pearson, kibarua aliyepewa farasi na mkokoteni alikwenda kula nyumbani kwake kinyume cha maagizo, akamwacha farasi mlangoni bila mtu wa kumshika, farasi akakimbia na kuharibu mali ya jirani, na mwajiri akawajibishwa kwa kuwa kulinda farasi na mkokoteni siku nzima kulikuwa sehemu ya kazi ya kibarua yule.

Hali hugeuka dereva anapoanza safari mpya. Tuseme amerudi kutoka Tengeru, amefika Sanawari, umbali mfupi tu kutoka dukani, na badala ya kukata kuingia Sekei anaendelea moja kwa moja kupita Mianzini na Sakina hadi Ngaramtoni, kwa sababu rafiki yake amemwomba akamchukulie magunia ya viazi kwa malipo ambayo mwenye duka hayajui. Akimgonga mtu Sakina, mwajiri ana utetezi wa kweli. Shauri linalofanana sana na hili ni la Storey dhidi ya Ashton, lililoamuliwa mwaka 1869, ambapo dereva wa mfanyabiashara wa mvinyo alitumwa pamoja na karani kupeleka mvinyo na kurudisha chupa tupu. Wakiwa wamekaribia ofisini, na saa za kazi zimekwisha, karani alimshawishi dereva waelekee upande mwingine kwa shughuli ya karani mwenyewe, na huko wakamgonga mtu. Mahakama iliamua kwamba mwajiri hahusiki, kwa kuwa ile haikuwa tena njia ndefu ya kurudi ofisini bali safari nyingine kabisa, iliyoanza kwa ajili ya mtu mwingine.

Tofauti kati ya Usa River na Ngaramtoni haipimwi kwa kilomita peke yake. Hakimu hutazama kwa ujumla wake safari ilikuwa ya nani, ilianza lini, gari lilikuwa bado na mzigo wa mwajiri au la, saa za kazi zilikuwa zimekwisha au la, na ikiwa mwajiri amezoea kuwaacha madereva wake wafanye safari kama hiyo bila kuwakemea. Hilo la mwisho huwaangusha wafanyabiashara wengi, maana mwenye duka aliyenyamaza miezi kadhaa akijua kwamba dereva hupitia Ngaramtoni kila anapotoka Tengeru ataona vigumu kuishawishi mahakama kwamba safari hiyo ilikuwa ngeni kwake. Vilevile safari ya dereva binafsi huisha pale anaporudi kwenye kazi, na mahali hasa ambapo kazi inaanza tena ni suala la ushahidi ambalo mahakimu wawili wanaweza kulijibu tofauti.

Wenye magari wengi huamini kwamba katazo la maandishi linawakinga. Imani hiyo ni potofu kwa sehemu kubwa, na hupoteza fedha za watu wanaoiegemea. Mwaka 1862, katika shauri la Limpus, kampuni ya mabasi ya London iliwapa madereva wake kadi zenye amri ya kutoshindana wala kuzuia mabasi ya wengine. Dereva mmoja akalizuia basi la mpinzani kwa makusudi na kuliharibu, na kampuni ikawajibishwa, kwa sababu katazo lilihusu namna ya kuendesha na kuendesha ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Mwelekeo huo ulifuatwa hapa kwetu na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967 katika shauri la Muwonge kutoka Uganda, lililohusu polisi waliofyatua risasi, ambapo Serikali ilibebeshwa dhima hata kama kitendo kilikwenda kinyume cha maagizo, alimradi kilikuwa namna tu ya kutekeleza kazi waliyopewa. Kwa hiyo kibandiko kinachosema dereva asizidishe mwendo hakimsaidii mwajiri. Katazo linalosaidia ni lile linaloweka mpaka wa kazi yenyewe, kwa mfano kwamba utingo hana ruhusa kabisa ya kushika usukani.

Suala la utingo linahitaji maelezo ya ziada, kwa kuwa ni jambo la kila siku katika vichochoro vya Sekei, ambako gari la mizigo huachwa likiziba njia wakati dereva akipeleka risiti kwa mteja na utingo huombwa na wapita njia alisogeze. Utingo akijiamulia mwenyewe kuliendesha na kumgonga mtoto, kanuni ya zamani, iliyothibitishwa mwaka 1900 katika shauri la kondakta aliyeligeuza basi mwisho wa safari, inaelekeza kwamba mwajiri hawajibiki, kwa sababu kuendesha hakukuwa kazi ya mtu huyo. Lakini ikiwa dereva mwenyewe ndiye aliyemrushia utingo funguo bila kuuliza kama ana leseni na kama anaweza kuendesha, uzembe unaotazamwa ni wa dereva, aliyekabidhiwa gari na mwajiri na kushindwa kulilinda. Hivyo ndivyo mahakama ya Uingereza ilivyoamua mwaka 1963 katika shauri la Ilkiw dhidi ya Samuels, lililohusu lori lililosogezwa na mtu asiyejua kuendesha wakati wa kupakia sukari. Mdai wa Arusha anayekutana na tukio la namna hii anapaswa kuandika katika hati ya madai uzembe wa dereva wa kuachia gari, badala ya kuishia kwenye uzembe wa utingo.

Sharti la pili, la kuwepo kwa ajira, huleta ubishi mkubwa zaidi kadiri maduka yanavyotumia bodaboda kupeleka vifurushi. Mwenye bodaboda aliyeitwa kutoka kijiweni, akapatana bei ya safari moja na mwenye duka, akatumia pikipiki yake na akawa huru kubeba abiria mwingine njiani, ni mkandarasi anayejitegemea, na kwa kawaida aliyempa mzigo hawajibiki kwa uzembe wake barabarani. Hali ni nyingine kwa kijana anayefika dukani kila asubuhi, anayepangiwa njia, anayevaa fulana ya duka, anayeendesha pikipiki iliyonunuliwa na mwenye duka na asiyefanyia kazi mtu mwingine yeyote. Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura ya 300, ina orodha ya dalili zinazomfanya mtu adhaniwe kuwa mwajiriwa hadi kinyume chake kithibitishwe, zikiwemo kuwa chini ya uelekezi wa mwingine, kupewa vitendea kazi, kumtegemea mtu mmoja kwa kipato, na kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Dhana hiyo imewekwa kwa ajili ya sheria za kazi, lakini dalili zenyewe ni zile zile ambazo hakimu wa shauri la madhara huzitazama, na karatasi iliyosainiwa inayomwita kijana huyo wakala haizifuti.

Kuhusu ushahidi, mdai anaanza na faida moja. Mwaka 1969, katika shauri la Karisa dhidi ya Solanki kutoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba gari likithibitika kuwa limeleta madhara kwa uzembe, na hakuna ushahidi wa kinyume, hudhaniwa kwamba liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake. Kwa hiyo namba ya usajili na kumbukumbu za umiliki kutoka Mamlaka ya Mapato humtosha mdai kuanza, kisha mwenye gari ndiye anayelazimika kueleza kwa nini safari ile haikuwa yake. Dhana hiyo hata hivyo huvunjwa kwa ushahidi, na mdai makini hujiandaa mapema kwa kukusanya kinachoonyesha kazi ya siku ile: picha ya mzigo uliokuwa garini, jina la duka lililoandikwa ubavuni mwa gari, risiti ya EFD ya mteja aliyekuwa akisubiri bidhaa, hati ya kupokelea mzigo yenye saa na sahihi, na namba za simu za mashahidi walioliona gari kabla halijaondolewa. Picha ya mzigo ina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mifuko ya saruji iliyokuwa bado garini inajibu swali la mwenendo wa kazi kuliko maelezo yoyote yatakayotolewa mwaka mmoja baadaye.

Majeruhi hupewa na polisi fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, iwe ni Hospitali ya Mount Meru au nyingine, na nakala yake, pamoja na taarifa ya trafiki, ramani ya eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, ndiyo mwili wa shauri. Bima ya mtu wa tatu, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inailazimisha kwa kila gari linalotumika barabarani, inaweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Kampuni ya bima inapaswa kupewa taarifa ya maandishi mapema, kabla ya shauri kufunguliwa ikiwezekana, kwa kuwa wajibu wake wa kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake unafungamana na kupewa taarifa hiyo.

Tukirudi kwenye mfano, tuseme mwendesha bodaboda aliyegongwa na gari la saruji ana risiti za matibabu za shilingi 1,850,000, ankara ya fundi ya shilingi 640,000, na siku 45 ambazo hakufanya kazi, akiwa na daftari la makusanyo linaloonyesha wastani wa shilingi 20,000 kwa siku, yaani shilingi 900,000. Jumla ni shilingi 3,390,000. Hiyo ndiyo fidia maalumu, ambayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza mwaka 1992, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, kwamba lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na kuthibitishwa; bila daftari, zile shilingi 900,000 hupotea zote. Maumivu na ulemavu hudaiwa kando kama fidia ya jumla, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe. Ikithibitika kwamba mwendesha bodaboda naye aliendesha kwa uzembe na mahakama ikampa asilimia 20 ya lawama, fidia maalumu hushuka hadi shilingi 2,712,000 na fidia ya jumla hupunguzwa kwa kiwango hicho hicho. Shauri la ukubwa huu linafunguliwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, dereva na mwajiri wakiwa wadaiwa wawili, na hati ya madai ikisema bayana kwamba dereva alikuwa akipeleka mzigo wa mdaiwa wa pili. Gari likiwa la Serikali, la halmashauri au la shirika la umma, njia ni nyingine: notisi ya siku 90 hutolewa kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu.

Mwajiri aliyelipa ana haki ya kumdai dereva, lakini hana ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inataka dereva akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, apewe nafasi ya kujieleza kwa utaratibu wa haki, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mwenye duka anayezuia mshahara mzima hadi gari litengenezwe anajitengenezea mgogoro wa pili katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, huku ule wa kwanza ukiwa haujaisha.

Wadai wengi hupoteza haki yao wakisubiri ahadi. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, ikihesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa, ambayo katika ajali ya kugongwa ni siku yenyewe ya ajali, na mazungumzo na mwajiri au kampuni ya bima hayaisimamishi hesabu hiyo hata kama barua zao ni za upole na zinaahidi kulipa. Aliyeumia anashauriwa kuiandika tarehe ya ajali juu ya jalada la nyaraka zake na kumwona wakili kabla mwaka wa pili haujaisha.